Jumla ya mauzo kwa eneo, ankara za 50,000 kwenda juu, mwezi wa Mei pekee: mbona Likoni inanipa nambari ya ajabu?

BintiMtongwe (Jumatano, saa 2:15 usiku)

Assalaam aleykum, hamjambo nyote. Naweka hesabu za duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwembe Tayari. Tuna mawakala sita wa mauzo na kila mmoja ana eneo lake: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Bosi ameamua kulipa bonasi kwa ankara kubwa tu, zile za kuanzia shilingi 50,000, mwezi kwa mwezi. Anayeuza ankara kumi za elfu tano tano hapati kitu kwa hizo, ndiyo sheria aliyoiweka.

Faili nimeitoa kwenye programu ya kaunta, ni CSV ya Januari hadi Juni 2025, mistari 411. Kolamu A ni tarehe pamoja na saa, B ni eneo, C ni nambari ya ankara, D ni kiasi. Naifungua kwa Ekseli. Mara ya kwanza niliandika hivi:

```
=SUMIFS(D2:D412,B2:B412,"Likoni",D2:D412,">50000",
 A2:A412,">=01/05/2025",A2:A412,"<=31/05/2025")
```

Jibu likawa sifuri. Nikabadilisha tarehe nikaweka DATE(2025,5,1) na DATE(2025,5,31). Sasa inaniambia 125,500.

Leo mchana nimekaa na kitabu cha ankara na kalkuleta, nikapitia Likoni ya Mei moja moja. Nimepata ankara sita zilizofika 50,000:

6 Mei, 62,000
9 Mei, 58,500
14 Mei, 75,000
20 Mei, 50,000
27 Mei, 91,000
31 Mei, 67,000

Jumla yake 403,500. Zimebaki mbili ndogo, 18,400 na 36,000, ambazo hazihesabiki. Sasa hiyo 125,500 imetoka wapi? Wakala wa Likoni ananingoja kesho kutwa, na ni pesa ya mtu.

MzeeGanjoni (saa 2:40 usiku)

Wa aleykum salaam binti yangu. Mimi nimekutana na hayo mara nyingi, na karibu kila mara kosa liko kwenye jina la eneo. Aliyeandika kaunta ameweka "Likoni" halafu akagusa nafasi mbele yake. Jicho haliioni, lakini kwa Ekseli hayo ni majina mawili. Jaribu kuhesabu kwanza mistari ya Likoni ni mingapi.

Na fomula yako mimi ningeiacha kabisa. Tumia hii, mwezi unauandika kwa nambari tu:

```
=SUMPRODUCT((B2:B412="Likoni")*(MONTH(A2:A412)=5)*(D2:D412>50000)*D2:D412)
```

BintiMtongwe (saa 3:05 usiku)

Shukran mzee wangu. Nimehesabu kwa COUNTIF, Likoni inatoa 61, na nikichuja kwa macho pia ni 61. Kwa hiyo jina liko sawa. Hiyo ya SUMPRODUCT imenitolea #VALUE!, haikutoa nambari yoyote.

MtuWaJomvu (saa 3:11 usiku)

Dada, nadhani unaifanya ngumu. Toa jumla ya kila eneo kwanza, kisha weka IF, kama eneo limepita 50,000 basi onyesha, kama halikupita weka sifuri. Mimi ndivyo ninavyofanya kwa mawakala wangu wa maji ya chupa.

MwanahesabuTudor (saa 3:30 usiku)

MtuWaJomvu, hilo ni swali lingine kaka. Yako inauliza kama *eneo zima* limefika kima. Bosi wa huyu dada anauliza kama *ankara moja moja* imefika kima, na zile ambazo hazikufika zisiingie hata senti. Kwa njia yako zile 18,400 na 36,000 zingelipiwa bonasi.

BintiMtongwe, hiyo #VALUE! aliyokupatia mzee ina faida kuliko unavyodhani. Inasema kwamba ndani ya kolamu A kuna vitu ambavyo MONTH haiwezi kuvisoma kama tarehe. SUMIFS haikulalamika kwa sababu yenyewe ikikuta maandishi mahali inapotafuta nambari, inayaruka kimya kimya. Fanya mambo matatu kabla hujagusa fomula tena, uniletee majibu:

Kwanza, andika `=COUNT(A2:A412)` mahali patupu. Hiyo inahesabu seli zenye nambari tu, na tarehe ya kweli ndani ya Ekseli ni nambari. Inatakiwa iwe 411.

Pili, `=MAX(A2:A412)`, kisha uipe sura ya tarehe. Faili yako inaishia Juni, kwa hiyo haifai kuvuka Juni.

Tatu, panua kolamu A kidogo uitazame. Usiwe umeiweka katikati. Tarehe ya kweli hulala upande wa kulia wa seli, maandishi hulala kushoto.

BintiMtongwe (saa 3:52 usiku)

Nimestuka. COUNT inatoa 162 tu kati ya 411. MAX inaniletea tarehe ya Desemba 2025! Na faili nimeitoa wiki ya kwanza ya Julai.

Kolamu nimeipanua. Zimegawanyika kweli, nyingine kulia nyingine kushoto. Ile ankara ya tarehe 14 Mei imegandama ukuta wa kushoto, imeandikwa 14/05/2025 11:20. Ile ya tarehe 6 Mei iko kulia, lakini imeandikwa 6/5/2025 10:05, sifuri zimepotea.

MwanahesabuTudor (saa 4:20 usiku)

Basi ugonjwa umeonekana. Laptopu yako imewekwa mtindo wa tarehe wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Programu ya kaunta inaandika kwa mtindo wetu, siku inatangulia mwezi. Ulipobofya CSV mara mbili, Ekseli ilijisomea kila tarehe kwa mtindo wa laptopu bila kukuuliza.

Ilipokuta 06/05 ikasema huo ni mwezi wa sita, tarehe tano. Ikaikubali, ikaifanya nambari, ikailaza kulia. Ilipokuta 14/05 ikatafuta mwezi wa kumi na nne, haukuwepo, ikaiacha kama maandishi. Kwa hiyo kila siku kuanzia tarehe 13 hadi mwisho wa mwezi imekuwa maandishi, na kila siku ya 1 hadi 12 imegeuzwa siku na mwezi. Zimesalimika zile tu ambazo siku na mwezi ni nambari moja, kama 5 Mei au 3 Machi.

Sasa jiulize SUMIFS yako ilipotafuta "Mei" ilipata nini. Ilipata kila mstari ulioanza na 05/, yaani tarehe *tano* ya kila mwezi. Chuja Likoni, tazama tarehe 5 Januari, 5 Februari, 5 Machi, mpaka Juni, kwa kitabu chako cha ankara. Nina hakika 125,500 iko hapo.

Ile sifuri ya mwanzo nayo ni tawi la mti huo huo. Ulipoandika "<=31/05/2025" ndani ya alama za kunukuu, laptopu haikuiona kama tarehe, ikaichukua kama neno. Ukawa umeitaka seli iwe nambari kwa sharti moja na iwe neno kwa sharti la pili. Hakuna seli ya namna hiyo.

BintiMtongwe (saa 4:41 usiku)

Nimefungua kitabu. Likoni, 5 Februari, 54,000. Likoni, 5 Aprili, 71,500. Zote mbili ni 125,500 kamili! Zile nne nyingine hazina ankara kubwa.

Yaani nilikuwa nataka kumlipa mtu bonasi ya Mei kwa mauzo ya Februari na Aprili. Na mwezi uliopita nililipa ya Aprili kwa njia hii hii. Nitairudia hiyo pia.

MzeeGanjoni (saa 5:02 usiku)

Nimejifunza. Sasa binti yangu ukae ukizigeuza moja moja? Mistari 411 ni kazi ya kuchosha. Chagua kolamu yote, bofya kulia, Format Cells, weka mtindo wa dd/mm/yyyy, zitakaa sawa.

MwanahesabuTudor (saa 5:10 usiku)

Mzee wangu, kwa heshima, hiyo itabadilisha nguo tu, mwili utabaki ule ule. Format Cells haigusi kilichomo. Tarehe iliyokwisha kusomwa kama 5 Juni itaandikwa 05/06/2025 badala ya 6/5/2025, na bado itakuwa 5 Juni. Na yale maandishi hayatatikisika kabisa. Hatari yake ni kwamba kolamu itapendeza na mtu ataacha kushuku.

Dawa iliyo safi ni kurudi kwenye CSV yenyewe, ile ambayo haijaguswa. Funga Ekseli, nenda kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Region, uweke English (United Kingdom), kisha ufungue CSV upya. Kama laptopu si yako na huruhusiwi kubadilisha, ingia kwa Data > From Text/CSV, bonyeza Transform Data. Huko ikiwa tayari imeiita kolamu hiyo tarehe, ondoa kwanza ile hatua ya Changed Type, kisha bofya kulia kichwa cha kolamu ya tarehe, Change Type > Using Locale, uchague Date/Time na English (United Kingdom). Faili isiyoguswa ndiyo muhimu. Ukiihifadhi CSV baada ya kuifungua vibaya, unaihifadhi na makosa yake.

Kama CSV ya asili imepotea, weka kolamu ya msaada:

```
=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),
 DATE(MID(A2,7,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))
```

Kipande cha kwanza kinairudisha siku mahali pa siku kwa zile zilizogeuzwa. Cha pili kinayakata maandishi kuwa tarehe. Lakini angalia: kama kuna mstari mtu aliuongeza kwa mkono baadaye na tarehe yake ikasomwa sawa, fomula hii itaugeuza nao. Kwa hiyo ni ya faili ambayo hakuna aliyeichezea.

BintiMtongwe (Alhamisi, saa 3:20 asubuhi)

Sabalkheri. CSV ya asili ninayo, nimebadilisha Region na kufungua upya. COUNT sasa ni 411, MAX ni Juni. Alhamdulillah.

Lakini Likoni inatoa 286,500. Kalkuleta ilisema 403,500. Bado zinapungua 117,000. Fomula ni ile ile yenye DATE mbili, ">="& ya kwanza na "<="& ya tarehe 31. Nimerudia kalkuleta mara mbili na haibadiliki.

MwanahesabuTudor (saa 4:05 asubuhi)

117,000 ni 67,000 na 50,000. Tazama orodha yako: ni ile ya tarehe 31 na ile ya tarehe 20. Kila moja ina kosa lake.

Ile ya 50,000 imeanguka kwa sababu umeandika ">50000". Bosi amesema *kuanzia* 50,000, kwa hiyo ni ">=50000". Katika ankara mia utakutana na chache tu zilizogonga kima kamili, lakini wakala akijua kuna kima cha namna hiyo, hufika hapo hapo.

Ile ya tarehe 31 imeanguka kwa sababu ya saa. Ilitoka kaunta saa ngapi?

BintiMtongwe (saa 4:12 asubuhi)

16:42, jioni ya Jumamosi.

MwanahesabuTudor (saa 4:30 asubuhi)

Ekseli inaiona 31 Mei 2025 kama 45808. Hiyo ni saa sita ya usiku, siku inapoanza. Saa 16:42 ya siku hiyo ni 45808.6958. Sasa wewe umesema "isizidi 45808". Ankara yako imezidi kwa hizo sehemu za siku, ikatupwa nje. Na si hiyo tu, mauzo yote ya siku ya mwisho ya mwezi kwa maeneo yote sita yamepotea. Mwisho wa mwezi ndio mawakala hukimbizana kufunga ankara, kwa hiyo hupotea nyingi.

Usitafute siku ya mwisho ya mwezi. Tafuta siku ya kwanza ya mwezi *unaofuata*, useme "iwe chini ya hiyo". Hapo hujali kama mwezi una 28, 30 au 31, wala saa. Weka tarehe 1 ya mwezi unaoutaka kwenye G1, kima kwenye G2, majina ya maeneo kuanzia F5 kwenda chini, na kwenye G5:

```
=SUMIFS($D$2:$D$412,$B$2:$B$412,F5,
 $D$2:$D$412,">="&$G$2,
 $A$2:$A$412,">="&$G$1,
 $A$2:$A$412,"<"&EDATE($G$1,1))
```

Kolamu D inatajwa mara mbili na si kosa. Mara ya kwanza ndiyo inayojumlishwa, mara ya pili ndiyo inayopimwa. Alama ya >= inakaa ndani ya nukuu, seli inakaa nje, na & inaziunganisha. Ukiandika ">=$G$2" yote ndani ya nukuu, itatafuta neno "$G$2".

BintiMtongwe (saa 4:48 asubuhi)

403,500! Shilingi kwa shilingi na kalkuleta. Nimeivuta chini kwa maeneo yote sita. Nimebadilisha G1 kuwa 01/04/2025 na zote zikahamia Aprili peke yake. Allah akulipe kheri.

MzeeGanjoni (saa 5:15 asubuhi)

Hongera binti yangu. Sasa tarehe zimetengenea, na ile SUMPRODUCT yangu nayo itafanya kazi.

MwanahesabuTudor (saa 5:33 asubuhi)

Itafanya, mzee, na kwa faili hii itampa jibu sahihi akiweka >=. Kuna mahali inaweza kumwangusha tu: MONTH haiulizi mwaka. Faili ikikusanya 2024 na 2025, Mei mbili zitachanganyika. Itabidi aongeze `(YEAR(A2:A412)=2025)`. Na seli tupu MONTH huisoma kuwa mwezi wa 1, ingawa kwa hapa kiasi tupu hakitaongeza kitu. Ninachokipenda kwayo ni kwamba inapiga kelele. Jana ilisema #VALUE! wakati SUMIFS ilikaa kimya na jibu baya.

Kongowea_Jumla (saa 6:10 mchana)

Nimefuata uzi huu tangu jana kwa sababu hesabu zangu ni hizo hizo, nauza sukari na unga hapa Kongowea na nina watu wanaosambaza Kisauni na Nyali. Fomula nimeinakili, tarehe zangu ziko sawa, COUNT imetimia. Lakini msambazaji wa Kisauni analalamika nimemkata. Ana ankara moja ya mteja wa Bamburi, sukari 38,000 na unga 24,000. Ankara ni moja, ni 62,000. Fomula haijaihesabu hata kidogo.

MwanahesabuTudor (saa 7:25 mchana)

Kwa sababu faili yako ina mstari mmoja kwa kila *bidhaa*, na ya BintiMtongwe ina mstari mmoja kwa kila *ankara*. Kima kinapimwa kwa mstari. 38,000 haikufika, 24,000 haikufika, zote zimeanguka. Ongeza kolamu E inayobeba jumla ya ankara nzima kwenye kila mstari wake:

```
=SUMIFS($D$2:$D$412,$C$2:$C$412,C2)
```

412 ubadilishe iwe mstari wako wa mwisho. Mistari hiyo miwili yote itaonyesha 62,000 kwenye E. Kisha kwenye fomula kubwa, kima kipime E, lakini kinachojumlishwa kibaki D. Ukijumlisha E utaihesabu 62,000 mara mbili, upate 124,000.

Sharti ni nambari za ankara zisijirudie. Je, zako huanza upya kila mwaka?

Kongowea_Jumla (saa 7:40 mchana)

Huanza upya kila *mwezi*. Na kila msambazaji ana kitabu chake.

MwanahesabuTudor (saa 8:02 mchana)

Basi usitumie hiyo peke yake, itakuunganishia ankara 014 ya Kisauni ya Aprili na 014 ya Nyali ya Mei, na zote mbili zitaonekana zimefika kima. Ongeza masharti ya eneo na ya mwezi ndani ya E:

```
=SUMIFS($D$2:$D$412,$C$2:$C$412,C2,$B$2:$B$412,B2,
 $A$2:$A$412,">"&EOMONTH(A2,-1),$A$2:$A$412,"<"&EOMONTH(A2,0)+1)
```

Kama faili yako ina saa, badilisha hicho cha kwanza kiwe ">="&EOMONTH(A2,-1)+1, la sivyo mauzo ya mchana wa siku ya mwisho ya mwezi uliopita yatapenya. Kwa kweli andika hivyo moja kwa moja, hata kama huna saa leo.

Kongowea_Jumla (saa 9:15 alasiri)

Imekubali, Kisauni imepanda. Lakini wasambazaji wawili wakiuza eneo moja, vitabu viwili, nambari moja?

MwanahesabuTudor (saa 9:31 alasiri)

Hapo fomula haina pa kushika. Faili lazima iwe na kolamu ya jina la msambazaji, au vitabu vipewe herufi mbele ya nambari. Iwekwe leo, maana ankara za nyuma hazitajitenga zenyewe.

BintiMtongwe (saa 11:05 jioni)

Nina moja imebaki na sijui niifanyeje. Ile ankara ya 91,000 ya tarehe 27 Mei, mteja alirudisha mabati ya 45,000 tarehe 4 Juni. Kaunta imeandika mstari mpya wa Juni, kiasi ni -45,000, na nambari ya ankara ni ile ile. Mei bado inahesabu 91,000 yote. Juni haiioni kwa sababu -45,000 haijafika kima. Mauzo ya kweli ni 46,000, ambayo hayastahili bonasi.

MzeeGanjoni (saa 11:20 jioni)

Kwetu tulikuwa tunalipa, kisha tunakata mwezi unaofuata. Wakala aliuza, aliyerudisha ni mteja.

MwanahesabuTudor (saa 11:48 jioni)

Kolamu E ya kujumlisha kwa nambari ya ankara bila sharti la mwezi ingekupa 46,000, na mstari wa Mei ungeanguka wenyewe. Lakini basi bonasi ya Mei uliyokwisha kulipa ingebadilika ukifungua faili Juni. Mimi kazini kwangu tunafunga mwezi tarehe 10, kinachorudi kabla ya hapo kinakata, kinachorudi baadaye hakikati. Hapo fomula inangoja bosi wako aamue. Muulize kabla hujamlipa wakala wa Likoni kesho.

BintiMtongwe (Ijumaa, saa 2:50 asubuhi)

Nimemuuliza. Amesema atafikiria. Likoni nimelipa 312,500 kama msingi wa bonasi, na ile 91,000 nimeiandika pembeni kwa penseli mpaka ajibu.